Herufi Hazijinakili: Jibu kwa Wanaosema A na T Zinatosha

Kuna maneno yaliyokaririwa darasani na kuchapwa vitabuni hata yakapata heshima ya kanuni isiyoulizwa, nayo ni haya: kwamba DNA hunakiliwa kwa usahihi mkubwa kwa sababu adenini haishikani ila na thimini, na guanini haishikani ila na sitosini, na kwamba kosa likionekana katika nakala, basi limeletwa na adui wa nje, kama vile miale ya jua, moshi wa tumbaku au sumu ya kiwandani, maana utaratibu wenyewe, ukiachwa kwa amani, haukosei. Mwanafunzi huandika jibu hilo katika mtihani akapewa alama zote, na mwalimu wake huridhika, ilhali wote wawili hawajaligusa jambo waliloulizwa. Kusudi la makala haya ni kubainisha kwamba kushikana kwa herufi kunaeleza sehemu haba sana ya usahihi tunaoupima, na kwamba sehemu kubwa iliyosalia ni kazi ya vimeng'enya, kazi iliyopangwa ngazi juu ya ngazi na kulipiwa kwa gharama ambayo dai hili haliitaji hata kwa neno moja.

Dai kwa nguvu zake zote

Insafu inataka hoja ya mpinzani ielezwe kwa nguvu zake kabla ya kujibiwa. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walitangaza umbo la DNA: nyuzi mbili zilizosokotana, ambazo kila herufi ya uzi mmoja ina mwenzake maalumu katika uzi wa pili, A mbele ya T na G mbele ya C; leo tunajua kwamba jozi ya kwanza ina vifungo viwili vya haidrojeni, na ya pili vitatu. Ukizitenganisha nyuzi hizo, kila mmoja unakuwa kigezo cha kuundia mwenzake aliyeondoka. Hapana haja ya nguvu ya ajabu, wala ya mlinzi, wala ya msimamizi; herufi zinazoelea ndani ya seli hujipanga mbele ya wenzi wao, na nakala hupatikana. Dai hili ni jepesi kufahamika, linakubaliana na umbo tunalolijua, na hakuna mwenye akili timamu anayekana kwamba bila jozi hizo pasingekuwa na kunakili hata kidogo.

Illa wafuasi wamekuwa na yakini kuliko waasisi. Katika makala yao ya pili ya mwaka huo huo wa 1953, Watson na Crick waliliacha wazi swali la kama kungehitajika kimeng'enya maalumu cha kuunganisha herufi, na wakadokeza kwamba herufi yenyewe, bila kuguswa na adui yeyote, huweza kwa nukta ndogo ya wakati kuhamisha haidrojeni yake mahali pengine na kuchukua umbo la nadra ambalo huishika herufi isiyo mwenzake. Kwa maneno mengine, waliotupa jozi walitupa papo hapo na sababu ya jozi kukosea. Sehemu hiyo ndiyo iliyopotea njiani ilipokuwa ikisafiri kutoka kwao hadi kwenye daftari za wanafunzi.

Ili malumbano yasielee hewani, tuchukue kiumbe mmoja aliyepimwa vizuri, bakteria wa tumboni aitwaye E. coli. Jenomu yake ina jozi za herufi milioni 4.6, nayo hunakiliwa na mitambo miwili inayoanzia mahali pamoja na kwenda pande mbili zinazopingana, kila mmoja ukienda kwa kasi ya herufi 1,000 hivi kwa sekunde, hata kazi ikaisha kwa dakika 40. Makosa yanayosalia mwisho wa yote ni takriban 2 katika kila herufi bilioni 10, ambayo ni sawa na kusema kwamba katika seli 1,000 zinazozaliwa, ni moja tu inayopata herufi mpya iliyokosewa. Hilo ndilo jambo linalotaka maelezo, na kila hoja ifuatayo nitaipima kwa mizani hiyo.

Kwanza: vifungo havina nguvu hiyo

Tuanze na hesabu, kwa kuwa dai hili lina desturi ya kuikwepa. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu, na ni heri viwe dhaifu, maana vingekuwa imara nyuzi zisingefunguka. Lakini udhaifu huo unahukumu pande zote mbili. G ikijisogeza kidogo hukaa mbele ya T kwa vifungo viwili, idadi ile ile ambayo A na T hujivunia. Tofauti ya uthabiti kati ya jozi sahihi na jozi batili, zikipimwa majini bila ya kimeng'enya, aghalabu ni kilokalori 1 hadi 3 kwa moli. Katika joto la mwili, digrii 37, kila kilokalori 1.4 hununua upambanuzi wa mara 10. Basi kilokalori 1 hununua mara 5, na kilokalori 3 hununua mara 130 hivi.

Tumpe mpinzani wetu kiasi cha ukarimu, tuseme kosa 1 katika kila herufi 100. Kwa bakteria wetu hayo ni makosa 46,000 katika kila nakala, na kwa kuwa jeni zake ni kama 4,300, kila jeni ingepata wastani wa makosa 10 kabla seli haijagawanyika mara moja. Ukoo wa namna hiyo usingedumu. Umbali uliopo kati ya kosa 1 katika 100 na makosa 2 katika bilioni 10 ni mara milioni 50. Dai linatueleza zile mara 100 za mwanzo, kisha linanyamaza juu ya mara milioni 50 zilizobaki, na kwa ukimya huo linapewa alama zote.

Pili: polimerasi hupima umbo

Herufi haiungwi na uzi kwa kuwa imependana na mwenzake. Inaungwa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi, ambacho kina mfuko mwembamba wenye nafasi ya jozi moja tu. Herufi ikiingia, sehemu ya kimeng'enya iliyofanana na vidole hujikunja na kuufunga mfuko. Na ni pale tu mfuko unapofungika barabara ndipo ioni mbili za magnesi na ncha ya uzi unaojengwa zinapokaa mahali pake, na muungano ukafanyika. Jozi ya A na T na jozi ya G na C, ingawa herufi zake ni mbalimbali, zina upana mmoja na miisho inayolingana, kwa hiyo zote huenea mfukoni. Jozi batili ama ni pana mno, ama imepinda. Vidole havifungi sawasawa, muungano unakawia, na katika kukawia huko herufi mbaya hupata wasaa wa kutoka ilikoingilia. Kwa uchaguzi huu peke yake, makosa hushuka hadi 1 katika kila herufi 10,000 au 100,000, kutegemea polimerasi na aina ya kosa.

Atakayesema kwamba bado ni vifungo vya haidrojeni vinavyofanya kazi hiyo ndani ya mfuko, na ajibu jaribio lililochapishwa mwaka 1997 na Eric Kool na wenzake. Waliunda kitu chenye umbo la thimini karibu nukta kwa nukta, lakini wakaondoa sehemu zinazoshika haidrojeni na kuweka florini mahali pa oksijeni, hata kitu hicho kikawa hakiwezi kufunga vifungo vya maana na adenini. Kikiwa ndani ya DNA, bila ya kimeng'enya, hudhoofisha jozi badala ya kuithibitisha. Kwa mujibu wa dai tunalolijibu, polimerasi ingepaswa kuduwaa mbele ya herufi hiyo bandia na kuweka chochote. Badala yake, polimerasi ya E. coli iliyotumika iliweka adenini mbele yake kwa ufanisi unaokaribia ule wa thimini halisi, na ikazikataa herufi nyingine. Vifungo havikuwapo, na uchaguzi ulikuwapo.

Sisemi kwamba polimerasi zote ni za namna moja. Zipo ambazo kazi yake ni kupita juu ya sehemu za DNA zilizoharibika, na baadhi ya hizo huvihitaji vifungo vya haidrojeni zaidi kuliko zile za kawaida, kwa sababu mifuko yake ni mipana na haibani umbo. Lakini mfano huu haumsaidii mpinzani, bali unamuumbua: hizo ndizo polimerasi zenye makosa mengi kupita zote, ambazo huweza kukosea herufi 1 katika 100 hadi 1,000. Kadiri kimeng'enya kinavyoviachia vifungo kazi ya uchaguzi, ndivyo nakala yake inavyoharibika.

Hata hivyo, tukichukua kiwango kizuri cha ngazi hii, yaani 1 katika 100,000, bakteria wetu bado ana makosa 46 katika kila nakala. Tumeshuka sana, lakini hatujafika.

Tatu: mwenye kusoma prufu hasomi

Hapa hujitokeza kundi la pili la wapinzani, lenye elimu zaidi, ambalo hukiri kwamba polimerasi husoma prufu ya kazi yake, kisha likafikiri kwamba kwa kusema hivyo limemaliza. Kwa dhana yao, kimeng'enya hurudi nyuma, huikagua herufi, huitambua kuwa mbaya, na huing'oa. Maelezo hayo yana kasoro moja: hakuna mahali katika kimeng'enya panapoitambua herufi mbaya kwa ubaya wake.

Kilichopo ni mahali pawili pa kazi. Pa kwanza ni pale panapoongeza herufi. Pa pili ni pale panapokata herufi ya mwisho na kuiachilia, kazi iitwayo eksonukliasi. Katika polimerasi ya kwanza ya E. coli, ile iliyogunduliwa na Arthur Kornberg katika miaka ya 1950, sehemu hizo mbili zimo ndani ya protini moja, zikiwa zimeachana kwa nanomita 3 hivi. Katika polimerasi ya tatu, ambayo ndiyo inayonakili jenomu nzima, kazi ya kuongeza ni ya protini moja iitwayo alfa, na kazi ya kukata ni ya jirani yake iitwayo epsiloni. Ili ncha ya uzi ifike mahali pa kukatwa, herufi zake chache za mwisho sharti ziachane na kigezo na kuwa uzi mmoja ulio wazi.

Sasa tazama mambo mawili yanayotokea kosa linapoingia. La kwanza, ncha iliyokosewa haikai sawa, kwa hiyo herufi inayofuata, ambayo kwa kawaida ingeongezwa kwa muda wa sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, hucheleweshwa mara mamia au maelfu. La pili, jozi batili hulegea upesi kuliko jozi sahihi, na ncha iliyolegea huelekea penye kukata. Basi usahihishaji ni mashindano ya kasi kati ya kuongeza na kukata: ncha sahihi ikishindaniwa, kuongeza hushinda karibu kila mara, ncha mbaya ikishindaniwa, kukata hupata nafasi. Eksonukliasi haiulizi herufi ni ipi. Hukata chochote kilichofika mbele yake, na ni utaratibu wa kufika huko ulio na upendeleo.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1972, pale Douglas Brutlag na Kornberg walipoonyesha kwamba polimerasi ya kwanza huondoa ncha isiyo na mwenzake kabla ya kuendelea kujenga. Mwaka huo huo Nicholas Muzyczka na wenzake walichunguza polimerasi za virusi vya bakteria viitwavyo T4, na wakakuta kwamba zile zinazozalisha makosa mengi hukata kidogo kwa kulinganisha na zinavyoongeza, na zile zinazozalisha makosa machache kuliko kawaida hukata kupita kiasi. Na hizi za pili zina la kuwaambia wanaotamani ukamilifu: kwa sababu hazijui kilicho kibaya, hung'oa pamoja na makosa wingi wa herufi zilizokuwa sahihi, na kila herufi iliyong'olewa ni fosfeti mbili zenye nishati zilizotupwa bure. Usahihi unaweza kuzidishwa, lakini kazi hupungua na matumizi hupanda.

Kwa kiwango cha kawaida, ngazi hii huongeza usahihi mara 100 hivi, na makosa hushuka hadi 1 katika herufi milioni 10 au chini ya hapo. Bakteria wetu, aliyekuwa na makosa 46, sasa hana hata moja kamili: ni karibu nusu ya kosa kwa kila nakala, yaani seli moja katika mbili. Kipimo chetu, tukumbuke, kilikuwa seli moja katika 1,000.

Nne: ni uzi upi uliokosea?

Kosa lililoponyoka na kuachwa nyuma na mtambo wa kunakili linazua swali ambalo dai la jozi haliwezi hata kuliuliza, seuze kulijibu. Mbele yetu pana G iliyokaa na T. Jozi ni batili, hilo ni dhahiri. Lakini je, G ndiyo ya asili na T ni mgeni, au kinyume chake? Kanuni ya kwamba A huenda na T na G huenda na C inaruhusu masahihisho mawili, moja likirudisha ukweli na moja likiuthibitisha uongo daima. Kadhi aliyeletewa hati mbili zinazopingana, zenye karatasi moja na mwandiko mmoja, hawezi kuhukumu kwa kusoma maneno yake. Sharti apate alama nyingine inayomjulisha ipi ilitangulia. Anayesahihisha kwa jozi peke yake atakosea nusu ya hukumu zake.

E. coli analo jambo la kumjulisha. Kila penye mfuatano wa herufi GATC, kimeng'enya kiitwacho Dam huweka alama ndogo ya methili juu ya adenini. Uzi wa zamani umekwisha kuwekewa alama. Uzi mpya hukaa muda mfupi bila alama, kabla Dam haijaufikia. Katika muda huo protini MutS huipapasa DNA na kukamata mahali palipopinda kwa sababu ya jozi batili, MutL hujiunga nayo, na MutH hukata uzi usio na alama penye GATC iliyo karibu. Kisha uzi mpya hufunguliwa na kuliwa kuanzia hapo hadi kupita kosa, na polimerasi ya tatu hujaza pengo upya.

Kwamba alama ndiyo hakimu, na si herufi, kunathibitishwa na bakteria wawili waliopatwa na taksiri kinyume. Mmoja hana Dam kabisa, hivyo nyuzi zote mbili hazina alama. Mwingine ana Dam nyingi mno, hivyo uzi mpya hutiwa alama kabla ya kukaguliwa. Wote wawili huzidisha makosa, ijapokuwa A zao zinashikana na T zao kama ilivyokuwa tangu zamani. Kazi ya kuufafanua utaratibu huu hatua kwa hatua ndiyo iliyompa Paul Modrich sehemu yake ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2015.

Ngazi hii huongeza usahihi mara 100 hadi 1,000. Katika bakteria walionyimwa MutL, wakakuzwa vizazi vingi na jenomu zao kusomwa nzima, makosa yalionekana kuzidi mara zaidi ya 100 kuliko ya wenzao wazima. Hapo ndipo tunapofika kwenye makosa 2 katika bilioni 10. Na wale wanaotafuta adui wa nje wazingatie hali ya jaribio hilo: mahali walipokuzwa hapakuwa na jua kali, wala moshi, wala sumu. Makosa yalikuwapo muda wote, yakizalishwa na kunakili kwenyewe. Kilichobadilika ni kuondoka kwa aliyekuwa akiyafuta.

Tano: ngazi si za kuzidishwa tu

Mtu aweza kudhani kwamba sasa mambo yamekuwa mepesi: zidisha 1 katika 100,000 kwa 1 katika 100, kisha kwa 1 katika 1,000, upate 1 katika bilioni 10. Mimi mwenyewe nimetumia hesabu ya namna hiyo, nayo ni sahihi kwa seli nzima. Lakini inadhani kwamba ngazi moja ikivunjika, nyingine huendelea na kazi zake kana kwamba hapana lililotokea, na hilo si kweli.

Upo ukoo wa E. coli uitwao mutD5, ambao protini yake epsiloni imeharibika, hivyo hausahihishi unapojenga. Kwa hesabu yetu ungepaswa kuzidisha makosa mara 100 au zaidi kidogo. Ukikuzwa katika mchuzi wenye lishe nyingi, ambamo hugawanyika upesi, huyazidisha mara maelfu mengi. Mwaka 1989 Roel Schaaper na Miroslav Radman walieleza sababu: makosa yanayoponyoka huwa mengi kiasi cha kuushinda uwezo wa MutS na wenzake, ambao ni wachache, hata ngazi ya mwisho ikawa kama haipo ingawa jeni zake zote ni nzima. Ukoo uliopoteza ngazi moja kwa urithi hupoteza ya pili kwa kuelemewa. Basi takwimu tulizozipanga ngazi kwa ngazi ni za mfumo ambao kila sehemu yake hupokea mzigo uliokwisha kupunguzwa na sehemu iliyotangulia. Hakuna ngazi inayomiliki namba yake peke yake.

Sita: gharama ambazo dai halizitaji

Kama herufi zingejinakili kwa kushikana tu, nyuzi zote mbili zingejengwa kwa urahisi, kila mmoja kwa uelekeo wake. Hali halisi ni nyingine. Polimerasi zote hurefusha uzi kwa upande mmoja tu, na kwa kuwa nyuzi za DNA hupingana mielekeo, uzi mmoja hujengwa mfululizo na wa pili hujengwa kwa vipande vya herufi 1,000 hadi 2,000, ambavyo Reiji Okazaki na wenzake walivitambua katika miaka ya 1960. Kwa bakteria wetu hivyo ni vipande 2,300 hadi 4,600 kwa kila kunakili, na kila kimoja sharti kiungwe na jirani yake.

Kwa nini taabu hiyo yote? Fasiri inayokubalika sana ni usahihishaji wenyewe. Nishati ya kuunga herufi hubebwa na herufi inayoingia. Ncha ikikatwa, herufi mpya huja na nishati yake na ujenzi unaendelea. Lakini uzi ungerefushwa kwa upande wa pili, nishati ingekuwa juu ya ncha ya uzi. Ukiikata ncha iliyokosewa umeondoka na nishati hiyo, na uzi unabaki umekwama. Kadhalika, polimerasi inayodai kuiona ncha iliyokaa sawa na mwenzake kabla ya kuongeza haiwezi kuanza mahali patupu. Kwa hiyo kila kipande huanzishwa na kimeng'enya kingine kwa herufi chache za RNA, ambazo zimeandikwa bila ya kusahihishwa na baadaye hung'olewa zote na kujazwa upya. Ongeza na ngazi ya mwisho, ambayo huweza kuharibu herufi 1,000 au zaidi ili kuiondoa moja. Utaratibu unaosemekana kuwa hauna gharama umejaa kukata, kutupa na kuanza tena.

Saba: mgonjwa ambaye herufi zake ni nzima

Huenda mpinzani akatoa hoja yake ya mwisho, kwamba haya yote ni mapambo, na kwamba kiini bado ni jozi. Namjibu kwamba jozi zinaamua ni herufi gani iliyo sahihi, na haziamui ni mara ngapi iliyo batili itapenya. Nasi tuliulizwa hili la pili. Tofauti kati ya maswali hayo si ya wanazuoni peke yao.

Seli ya kawaida ya mwanadamu ina jozi za herufi bilioni 6.4. Kwa uchaguzi wa mfuko peke yake, kila kugawanyika kungeleta makosa 64,000; kwa ngazi zote zikiwa nzima, hayafiki hata moja. Mojawapo ya polimerasi zinazonakili DNA yetu huandikwa na jeni iitwayo POLE. Katika baadhi ya saratani za ukuta wa mji wa mimba na za utumbo mpana, herufi moja tu ya jeni hiyo imebadilika, hata katika nafasi ya 286 ya protini prolini ikawa ajinini, na ajinini hiyo huziba njia ambayo ncha ya uzi hupitia kwenda kukatwa. Mfuko wa kuongeza herufi upo. Protini za kurekebisha jozi batili aghalabu zipo. Hata hivyo vivimbe hivyo hubeba zaidi ya makosa 100 kwa kila herufi milioni, wingi ambao saratani chache sana huukaribia. Na wapo watu waliorithi kasoro za namna hiyo katika sehemu ya kukata ya POLE, ambao familia zao zilielezwa mwaka 2013, nao hupata vivimbe vya utumbo mpana wakiwa bado hawajazeeka.

Ndani ya seli za wagonjwa hao adenini ina vifungo vyake viwili na thimini, guanini ina vitatu na sitosini, upana wa jozi ni ule ule, na maji na joto ni yale yale. Anayeshikilia kwamba jozi ndizo zilizokuwa zikiilinda nakala anadaiwa kueleza ni kipi kilichobadilika katika jozi hizo. Na hadi atakapokieleza, wajibu wa kuthibitisha uko juu yake, si juu yetu.